SOMO: MAHOJIANO YA VIZA UBALOZINI
Karatasi zako na majibu yako yakubaliane



Katika somo hili tutazungumza juu ya mahojiano ya viza kwa wale ambao mume, mke au mzazi wao amekwisha kupokelewa Kanada kama mkimbizi, nao wamebaki hapa kambini Rwamwanja wakitaka kumfuata. Tumechagua njia hii moja tu ili tuieleze vizuri. Nchi nyingine zina taratibu zake, na mtu asichukue tarehe au masharti ya hapa akayapeleka kwenye ubalozi mwingine.

Maombi ya Kanada yanayotoka Uganda hushughulikiwa na ubalozi wa Kanada ulioko Nairobi. Hiyo haina maana kwamba kila mtu atasafiri hadi Nairobi. Mara nyingine afisa huja Kampala, mara nyingine huzungumza na mwombaji kwa njia ya video. Soma barua yako ya mwito: ndiyo itakayosema mahali, siku na saa, na nani katika familia anatakiwa kuwepo.

1. DIRISHA LA MWAKA MMOJA

Mkimbizi aliyehamishiwa Kanada huwa mkazi wa kudumu siku anapopokelewa uwanja wa ndege. Hupewa karatasi ya kuthibitisha ukazi wa kudumu, na karatasi hiyo ina tarehe. Kuanzia tarehe hiyo, mke au mume wake na watoto wake wanaomtegemea wana mwaka mmoja wa kuleta ombi la kumfuata. Watu huuita dirisha la mwaka mmoja. Kama baba alifika tarehe 10 Juni 2024, ombi lilitakiwa kuwa limepokelewa kabla ya tarehe 10 Juni 2025. Mahojiano yenyewe yanaweza kuja baadaye sana. Kinachohesabiwa ni siku ombi lilipofika.

Kuna sharti la pili, na hili ndilo linalowaangusha wengi. Mtu anayefuata lazima awe alitajwa na yule aliyetangulia, katika fomu zake, kabla hajawa mkazi wa kudumu. Baba aliyejaza "sina mtoto" kwa hofu kwamba safari itachelewa, amewafungia watoto wake mlango huu. Vilevile mtoto aliyezaliwa baada ya fomu kujazwa ilibidi atajwe kabla baba hajapokelewa kule.

Mtoto anayehesabiwa kuwa tegemezi ni yule aliye chini ya miaka 22 na ambaye hajaoa wala kuolewa. Naye ni mtoto wa kuzaa, au mtoto aliyeasiliwa kisheria. Tafadhali lishike neno hili, maana tutalirudia.

Dirisha likishapita, mume anaweza bado kumwombea mke na watoto kwa njia ya kawaida ya udhamini wa familia, lakini hapo kuna ada za kulipa na masharti mengine. Kwa hiyo jambo la kwanza la kufanya ni kumwomba aliye Kanada akusomee tarehe iliyo kwenye karatasi yake.

2. AFISA ANA NINI MEZANI

Watu wengi hudhani afisa anamjua mwombaji kwa yale atakayosema siku hiyo. Sivyo. Kabla hujaketi, amekwisha kusoma mambo matatu.

La kwanza ni fomu alizojaza mume wako miaka iliyopita. La pili ni fomu zako wewe. Katika fomu kuu ya ombi, IMM 0008, umeandika watu wako. Katika fomu ya maisha yako, IMM 5669, umeandika ulikoishi na ulichokuwa ukifanya, mwezi kwa mwezi, bila pengo. La tatu ni kumbukumbu za ukimbizi wako: jina, tarehe ya kuzaliwa na watu wa nyumbani kama yalivyoandikwa na OPM na UNHCR, yaani yale yaliyomo katika karatasi ya familia tunayoiita atestesheni.

Kazi yake ni kuweka haya matatu pamoja na kusikiliza kama mdomo wako unakubaliana nayo. Palipo na tofauti, hapo ndipo maswali yatakapotoka. Kwa hiyo maandalizi ya kweli si kukariri majibu. Ni kukaa nyumbani na karatasi zako zote, kuzitafuta tofauti hizo kabla afisa hajazitaja, na kujua kila moja ilitokeaje.

Tofauti peke yake si kosa. Afisa anafahamu kwamba watu walikimbia usiku, kwamba karani alikuwa na foleni ndefu, kwamba vyeti viliungua pamoja na nyumba. Kinacholeta shaka ni tofauti isiyo na maelezo, au maelezo yanayobadilika kila yanapoulizwa.

3. MFANO: MAMA FURAHA

Tuchukue mfano. Mama huyu tumemtunga kwa ajili ya somo, lakini matatizo yake ni yale yale yanayoletwa mezani petu.

Jina lake ni Kavira Furaha, wa Kiwanja, Rutshuru. Mwezi wa Julai 2012, waasi wa M23 walipochukua Bunagana na kisha Rutshuru na Kiwanja, mume wake alikuwa amekwenda Butembo kununua bidhaa. Mama alikimbia na watoto wawili, msichana na mvulana, pamoja na dada yake mkubwa. Walivuka mpaka Bunagana, wakapokelewa Nyakabande, Kisoro, kisha wakaletwa Rwamwanja. Mume hakuweza kurudi. Alizunguka hadi akafika kambi ya Dzaleka, Malawi. Mwaka 2016 walipatana tena kwa msaada wa Msalaba Mwekundu. Baadaye mume akapata wadhamini wa kanisa, akapokelewa Kanada tarehe 10 Juni 2024. Katika fomu zake alimtaja mke na watoto wawili. Ombi la mama lilifika mwezi wa Februari 2025, ndani ya dirisha.

Mpaka hapo mambo ni mazuri. Sasa mama anaweka karatasi zake mkekani na kuzisoma, mstari kwa mstari, pamoja na mtoto wake anayejua kusoma. Anakuta tofauti tatu.

4. TOFAUTI YA KWANZA: JINA

Mume ameandika "Kavira Furaha". Atestesheni inasema "Furaha Kavila". Herufi moja imebadilika, na majina yamegeuzwa. Sisi kutoka Kongo huanza na jina la ukoo na kumaliza na jina la ubatizo. Fomu za huku zina nafasi mbili tu, na karani hujaza anavyosikia. Tena masikio mengi hayatofautishi R na L.

Afanye nini? Asibadilishe jina katika fomu moja ili lifanane na nyingine, kisha akanyamaza. Fomu ina mahali pa kuandika majina mengine uliyowahi kutumia. Aandike hapo "Kavila" na mpangilio ule mwingine. Kisha aende meza ya uandikishaji ya OPM na UNHCR kuomba marekebisho, akiwa na karatasi yoyote ya zamani yenye jina sahihi. Hata kama marekebisho hayajatoka siku ya mahojiano, karatasi inayoonyesha kwamba aliomba ina faida, kwa kuwa ina tarehe ya kabla ya kuulizwa.

5. TOFAUTI YA PILI: TAREHE

Msichana wake mkubwa ameandikwa kwenye atestesheni kuwa amezaliwa 1/1/2006. Mume ameandika 14/3/2007. Ni mwaka mzima na zaidi.

Tarehe ya 1 Januari utaiona katika karatasi nyingi sana. Mara nyingi ni alama kwamba siku haikujulikana, na karani aliandika mwanzo wa mwaka ili nafasi isibaki tupu. Mama siku ile alikuwa amechoka, alisema tu "ana kama miaka sita", karani akahesabu kurudi nyuma kutoka 2012.

Hapa mama atafute ukweli kwanza, ndipo atafute karatasi. Ukweli wa tarehe hupatikana kwa kuufunga na jambo ambalo kila mtu analijua. Mama anakumbuka kwamba katika uchaguzi wa duru ya pili, tarehe 29 Oktoba 2006, alisimama kwenye mstari wa kura akiwa na mimba ya miezi minne ikielekea mitano, na watu wakampisha mbele. Hesabu hiyo inaleta mtoto mwezi wa Machi 2007. Kwa hiyo tarehe ya mume ndiyo ya kweli, na ya atestesheni ndiyo ya kukisia.

Watu wa Kivu ya Kaskazini tuna alama nyingi za namna hii: kifo cha Mzee Laurent Kabila Januari 2001, mlima Nyiragongo ulipomwaga moto Goma tarehe 17 Januari 2002, M23 kuingia Goma Novemba 2012. Jiulize: mtoto alikuwa tumboni, mgongoni, au alikuwa anatembea? Anzia hapo, utafika karibu na mwezi.

Kisha karatasi. Mama ana shangazi aliyebaki Kiwanja, naye aliweza kuipata kadi ya ubatizo parokiani. Imeandikwa Kifaransa, na hilo ni jema: Kanada inapokea karatasi za Kiingereza na za Kifaransa kama zilivyo. Karatasi ya lugha nyingine, hata Kiswahili, lazima iambatane na tafsiri. Kama kadi ya ubatizo haipo, kadi ya kliniki au ripoti ya shule ya zamani inaweza kusaidia.

Jambo moja tunaliomba sana. Usinunue cheti cha kuzaliwa mitaani Kampala ili kifanane na fomu. Afisa ameona vya namna hiyo vingi. Mtu asiye na cheti, lakini ana maelezo, bado ana nafasi. Mtu aliyeleta cheti cha uongo amepoteza hata yale ya kweli aliyokuwa nayo.

6. TOFAUTI YA TATU: MTOTO

Hii ndiyo nzito, na ndiyo sababu ya kuandika somo hili.

Dada yake mama Furaha alifariki hapa kambini mwaka 2014, akaacha mtoto mvulana aliyezaliwa 2013. Baba wa mtoto huyo alikuwa ameuawa wakati wa vita. Mama alimchukua, akamlea, akamnyonyeshea maziwa ya kopo. Alipokwenda kumwandikisha ili mtoto apate chakula, karani alimwuliza, "Huyu ni nani?" Mama akajibu, "Ni mtoto wangu." Karani akaandika: mtoto wa kiume.

Mama hakusema uongo. Kwetu mtoto wa dada ni mtoto wako, na wewe ni mama yake mdogo. Hakuna anayemwuliza mama mdogo "ulimzaa?" Lakini kwa fomu ya Kanada neno "mtoto" ni lile tulilosema mwanzoni: wa kuzaa, au aliyeasiliwa kisheria. Ndivyo ilivyo pia kwa "kaka" ambaye kumbe ni mtoto wa baba mdogo, na "baba" ambaye kumbe ni baba mkubwa. Lugha yetu inaunganisha, fomu inatenganisha. Mtu asipolijua hili, huonekana mwongo akiwa msema kweli.

Sasa tazama jinsi afisa anavyoyaona mambo haya. Mume amesema ana watoto wawili. Atestesheni inaonyesha watatu. Huyu wa tatu amezaliwa 2013, na mume na mke walitengana Julai 2012, mmoja akiwa Malawi na mwingine Uganda. Afisa lazima aulize: huyu mtoto ametoka wapi?

Mama Furaha alipewa mashauri matatu na watu wake.

Shemeji alimwambia, "Sema alizaliwa 2011, ni wa kwenu wote wawili." Shauri hili linaanguka haraka. Mume hakumtaja. Kadi ya kliniki inasema 2013. Na afisa akiwa na shaka, anaweza kupendekeza kipimo cha DNA. Kipimo hicho kinafanywa kwa kupangusa ndani ya shavu, katika maabara inayokubaliwa na Kanada, na kwa kawaida gharama ni ya familia. Kitasema kwamba mtoto si wa baba huyu wala wa mama huyu.

Jirani alimwambia, "Mfute. Sema alikwisha kufa, au alichukuliwa na watu wake." Huu ni uongo juu ya mtoto aliye hai, anayesoma shule ya msingi hapa hapa. Tena unamzika kwenye karatasi. Siku mama atakapotaka kumwombea, faili litasema mtoto huyo hayupo.

Mchungaji wake alimwambia, "Sema kama ilivyokuwa." Hili ndilo shauri linalofaa, na si kwa sababu ya dhambi peke yake. Sheria ya Kanada inasema mtu aliyetoa maelezo ya uongo juu ya jambo la maana katika ombi anaweza kuzuiwa kuingia kwa miaka 5. Katika miaka hiyo mitano mama na watoto wake wawili wa kuzaa wangebaki hapa, ilhali walikuwa na haki ya kwenda.

Lakini tuseme wazi pia mpaka wa ukweli huo. Mtoto wa dada hawezi kuingia katika dirisha la mwaka mmoja kama mtoto wa kuzaa. Kusema kweli hakumfanyi apate viza. Kunamwachia njia mbili wazi. Ya kwanza: mama aombe kwa maandishi, katika ombi hili hili, kwamba mtoto afikiriwe kwa sababu za kibinadamu, kwa kuwa ni yatima na hana mlezi mwingine. Afisa anaweza kukubali au kukataa. Ya pili: mama akishafika na kuwa mkazi wa kudumu, sheria inamruhusu mtu kumdhamini mtoto wa ndugu yake ambaye wazazi wote wawili wamekufa, akiwa chini ya miaka 18 na hajaoa. Mama ndiye ndugu wa damu, si mume wake. Kwa hiyo mdhamini lazima awe mama. Mtoto huyu atatimiza miaka 18 mwaka 2031. Kuna muda, lakini si wa kupoteza, na udhamini huo una masharti yake, pamoja na kuonyesha kipato.

Njia zote mbili zinadai kitu kimoja: karatasi za leo zionyeshe kwamba mtoto huyu yupo, ni mtoto wa marehemu dada, na wazazi wake wamefariki. Kwa hiyo mama aanze sasa. Apate uthibitisho wa kifo cha dada kutoka kituo cha afya alikofia. Aende OPM na UNHCR kuomba neno "mtoto" libadilishwe kuwa "mtoto wa dada". Amwone mfanyakazi wa ulinzi wa watoto, aeleze kwamba huenda mlezi akasafiri. Ofisi hiyo itatazama nani atamlea mtoto na kuandika taarifa. Na mtoto mwenyewe, mwenye umri wa kuelewa, aambiwe na mama yake kwa upole, asije akasikia kwa mara ya kwanza mbele ya mkalimani.

7. BARUA YA MAELEZO

Tofauti zote tatu ziandikwe katika barua moja fupi, itafsiriwe kwa Kiingereza au Kifaransa, na ipelekwe kwenye faili kabla ya mahojiano. Nakala uende nayo mkononi. Haihitaji maneno mazito. Sehemu ya mtoto inaweza kuwa hivi:

"Katika atestesheni yangu yumo mvulana aliyezaliwa 2013, ameandikwa kuwa mtoto wangu. Sikumzaa. Ni mtoto wa dada yangu aliyefariki Rwamwanja mwaka 2014. Baba yake pia alifariki. Nilisema ni mtoto wangu kwa sababu katika desturi yetu mtoto wa dada ni mtoto wangu, na ni mimi niliyemlea tangu akiwa na mwaka mmoja. Mume wangu hakumtaja kwa sababu si mtoto wake. Nimeomba OPM wasahihishe. Naomba mtoto huyu afikiriwe kwa sababu za kibinadamu."

Angalia kwamba barua inasema nini kimeandikwa, ukweli ni upi, kosa lilitokeaje, na mwombaji amefanya nini kulisahihisha. Hayo manne yanatosha kwa tofauti yoyote.

8. SIKU YA MAHOJIANO

Panga karatasi kwa mtu mmoja mmoja: za mama pamoja, za kila mtoto pamoja. Chukua barua ya mwito, atestesheni, kitambulisho cha mkimbizi, vyeti na kadi ulizo nazo, nakala ya fomu ulizotuma, na barua ya maelezo. Uwe na karatasi halisi na nakala. Toa nakala, na halisi uionyeshe inapotakiwa.

Mkalimani hutolewa na ubalozi. Mwanzoni afisa atauliza kama mnaelewana. Hapo ndipo pa kusema. Kiswahili cha Nairobi na chetu cha Kivu si kimoja, na mtu anaweza kukubali kwa aibu halafu akajibu swali ambalo hakuulizwa. Sema, "Samahani, mkalimani huyu simwelewi vizuri." Ukilalamika baada ya kukataliwa, utaulizwa kwa nini ulinyamaza.

Jibu swali lililoulizwa, kisha nyamaza. Hebu tumsikilize mama Furaha.

Afisa: Una watoto wangapi?
Mama: Nimezaa wawili. Namlea na wa tatu, mtoto wa marehemu dada yangu.

Kwa sentensi mbili amekwisha kuondoa swali ambalo lingemtesa nusu saa. Hakusubiri kuulizwa.

Afisa: Kwa nini hapa pameandikwa mtoto wako?
Mama: Nilisema mtoto wangu kwa desturi yetu. Sikumzaa. Nimeandika barua, hii hapa.

Afisa: Mlifunga ndoa tarehe gani?
Mama: Tarehe siikumbuki. Ilikuwa mwaka 2005, mwezi wa Agosti, baada ya mavuno ya maharage. Mahari ilitolewa kwa baba yangu, Kiwanja.

"Sikumbuki" ni jibu halali likiwa ni kweli, na likifuatwa na kile unachokumbuka. Kukisia tarehe kamili ili kuonekana unajua ni hatari, kwa sababu mume huenda aliandika nyingine. Lakini "sikumbuki" kwa kila swali nalo huonekana kama kujificha.

Tarajia pia maswali ya nyumbani: mliishi na nani, mume alifanya kazi gani, mliwasiliana vipi mlipotengana, mara ya mwisho mlizungumza lini. Wengine huona haya wakadhani wanachunguzwa ndoa. Ndivyo, wanachunguza kama ndoa ni ya kweli. Ujumbe wa simu, picha, na risiti za fedha alizokutumia mume zitasaidia hapa.

Na kama kuna jambo limebadilika tangu utume fomu, kama vile mtoto amezaliwa, binti ameolewa au mtu amefariki, liseme kabla hujaulizwa.

9. BAADA YA MAHOJIANO

Usitarajie jibu siku ile. Baada ya mahojiano bado kuna vipimo vya afya na uchunguzi wa usalama, navyo huchukua muda. Usiuze shamba wala vyombo kwa sababu afisa alitabasamu.

Kama afisa ana shaka, unaweza kupata barua inayotaja shaka hiyo na kukutaka ujieleze. Hiyo bado si barua ya kukataliwa. Ni nafasi yako ya kujibu. Ndani yake kuna siku ya mwisho ya kujibu. Itafute siku hiyo kwanza kabla ya kusoma mengine, kisha njoo kwetu siku hiyo hiyo. Wako waliopoteza ombi kwa kuiweka barua hiyo sandukuni wakidhani ni habari mbaya tu.

Mwisho, kumbuka kwamba huduma za UNHCR ni bure, na hakuna mtu kambini anayeuza nafasi ya mahojiano wala majibu yake. Anayekudai fedha ili "kusukuma faili" hana faili lolote mkononi.

MASWALI YA KUJIPIMA NYUMBANI

1. Tarehe ya ukazi wa kudumu ya mtu wako aliye Kanada ni ipi? Mwaka mmoja unaisha lini?
2. Je, watu aliowataja katika fomu zake ni wale wale walio katika atestesheni yako?
3. Katika atestesheni, kuna yeyote aliyeandikwa "mtoto" ambaye hukumzaa?
4. Nani ana tarehe ya 1 Januari? Unaweza kuifunga tarehe yake ya kweli na jambo gani?
5. Jina lako limeandikwa kwa namna ngapi?

Ukipata hata tofauti moja, ilete karatasi kwenye meza ya habari. Tutakaa pamoja kuisoma.